Saa nane ya Muheza, saa sita ya Lyon

Alhamisi ya tarehe 27 Machi 2025 niliandika barua pepe kwa Kifaransa kwenda Lyon, kwa mama mmoja anayenunua pilipili manga na mdalasini kutoka kwa wakulima tunaofanya nao kazi kule Muheza. Nilimwomba tukutane kwa video Jumanne iliyofuata. Nikaandika hivi: mardi 1er avril à 13 h chez nous, 11 h chez vous, yaani Jumanne tarehe 1 Aprili saa saba mchana kwetu, saa tano asubuhi kwenu. Kabla ya kutuma nilitazama saa ya ukutani, nikaangalia na simu: Dar es Salaam ilikuwa saa tisa alasiri, Lyon ilikuwa saa saba mchana. Tofauti ya saa mbili. Nikaridhika, nikatuma.

Jumanne saa sita mchana nilikuwa bado nachapisha karatasi za sampuli. Mezani simu ilikuwa imewekwa kimya. Saa saba kamili nilifungua mkutano, nikakaa na Mzee mwenyekiti wa ushirika aliyekuwa amepanda basi tangu alfajiri kuja kuongea na mnunuzi wake ana kwa ana, japo kwa kioo. Hakutokea mtu. Nilipofungua barua pepe nikakuta ujumbe wake: alikuwa ameingia saa tano ya kwao kama nilivyoandika, akasubiri dakika ishirini na tano, akatoka. Wakati tunamsubiri sisi, yeye alikuwa kwenye chakula cha mchana.

Kilichotokea ni kwamba usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 30 Machi, Ufaransa ilikuwa imesogeza saa mbele. Tofauti niliyoipima siku ya Alhamisi ilikuwa ya kweli siku ya Alhamisi tu. Kufika Jumanne tofauti ilikuwa saa moja. Saa tano ya Lyon ilikuwa saa sita yetu, wala si saa saba. Mzee hakulalamika. Alikunywa chai, akarudi Muheza na basi la jioni. Mimi nililibeba jambo hilo kwa muda mrefu, na ndiyo sababu naandika haya.

Huku kwetu saa haisogezwi. Tanzania, Kenya na Uganda, pamoja na Komoro, Madagaska na Jibuti ambako Kifaransa kinatumika ofisini, zote ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC+3, mwaka mzima. Ufaransa, Ubelgiji na Uswisi wao wana saa mbili tofauti ndani ya mwaka mmoja: UTC+1 majira ya baridi, UTC+2 majira ya joto. Wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, zote kwa wakati mmoja, saa ambayo Dar es Salaam ni saa kumi alfajiri. Kwa mwaka 2026 ni tarehe 29 Machi na tarehe 25 Oktoba. Kwa hiyo Lyon iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi, na kwa saa moja wakati wa joto.

Nimekutana na watu wanaoamini kwamba Ulaya iliacha zamani mambo haya. Wazo hilo lina chanzo. Mwezi Machi 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura ya kuacha kubadilisha saa kuanzia 2021, lakini serikali za nchi wanachama hazikufikia makubaliano, na saa zikaendelea kusogezwa kama kawaida.

Sasa, kosa langu lilikuwa na mizizi miwili. Wa kwanza ni huo wa kupima tofauti kwa siku ninayoandika badala ya siku ya mkutano. Wa pili ni chez nous na chez vous. "Kwetu" na "kwenu" ni maneno matamu, lakini hayana mji ndani yake. Mama yule alikuwa anaweza kuwa safarini Réunion, ambayo ni Ufaransa na iko saa moja mbele yetu. Au Mayotte, ambayo nayo ni Ufaransa na saa yake ni sawasawa na ya Dar es Salaam. Ndiyo maana siandiki heure française, kwa sababu Ufaransa ina saa nyingi. Naandika heure de Paris, na kila mtu anaelewa. Vivyo hivyo siandiki heure d'Afrique. Mwenzetu aliyeko Bukavu, ambaye huwa tunamwingiza kwenye mazungumzo ya kahawa, yuko saa moja nyuma ya Dar es Salaam kama walivyo watu wa Kigali na Bujumbura, na majira ya joto saa yake na ya Lyon ni moja kabisa. Kinshasa, ndani ya nchi ileile, iko nyuma ya Bukavu kwa saa nzima.

Kuna saa nyingine tena ambayo haimo kwenye ramani yoyote ya kanda za saa, nayo ni saa ya Kiswahili. Hii ndiyo inayonipa kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu Mzee ananipa wakati wake kwa Kiswahili nami natakiwa kuuandika kwa Kifaransa.

Mwaka huu, mwanzoni mwa wiki ya tatu ya Machi, nilimpigia.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Hao watu wa Ufaransa wamesemaje kuhusu pilipili?"

"Wanataka tuongee, Mzee. Wewe unapenda saa ngapi?"

"Saa nane. Nitakuwa nimeshaswali, nimekula, nimetulia."

Saa nane. Mkono wa mtu anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kifaransa unataka kuandika 8 h. Namba ni ileile, masikio yamesikia "nane", vidole vinafuata. Nimeona barua za wenzangu zilizotoka hivyo hivyo, na Mfaransa akaamka kungoja mkutano saa mbili asubuhi ya kwao. Kinachonisaidia ni kutoruka kutoka Kiswahili hadi Lyon kwa hatua moja. Kwanza nageuza saa ya Kiswahili kuwa saa ya tarakimu hapahapa nyumbani: ikiwa ni ya mchana naongeza sita, kwa hiyo saa nane mchana inakuwa 14. Ikiwa ni ya usiku, kabla ya saa sita, naongeza kumi na nane, kwa hiyo saa mbili usiku inakuwa 20. Nikishaipata hiyo naiandika kwenye karatasi, ndipo naanza kutoa tofauti ya Ulaya. Kifaransa cha ofisini kinatumia saa ishirini na nne, hakina asubuhi wala jioni ya kukuokoa: 8 h ni asubuhi tu, 14 h ni mchana tu. Hilo kwangu ni jema, maana ukishafika kwenye 14 huna tena nafasi ya kuchanganya.

Nikatoa mbili, maana tulikuwa bado kabla ya tarehe 29. 14 ya Dar ikawa 12 ya Lyon.

"Mzee, saa nane yetu kwao ni saa sita mchana. Hapo wanakwenda kula, na hawarudi mpaka saa nane ya kwao."

"Saa mbili nzima wanakula?"

"Ndivyo walivyozoea ofisi nyingi, Mzee. Wana na jina lake, entre midi et deux, kati ya saa sita na saa nane."

Akakubali kuwahi kidogo, kabla ya Adhuhuri, au kungoja hadi saa kumi. Hapo ndipo unapoona kwamba muda wa pamoja kati yetu na wao si mrefu kama unavyodhaniwa. Wakati wa baridi, wanapofungua ofisi saa tatu asubuhi sisi ni saa tano. Sisi tunapokwenda kula saa saba, wao ni saa tano. Wanaporudi kutoka kula saa nane, sisi ni saa kumi na watu wameanza kuwaza daladala. Zimebaki saa mbili nzuri za asubuhi yao, na moja ya mchana wao. Ijumaa ni finyu zaidi: mtu wa Lyon akikuandikia vendredi en fin de matinée, Ijumaa mwishoni mwa asubuhi, anakuletea moja kwa moja swala ya Ijumaa. Mimi Ijumaa siiweki kabisa kwenye orodha. Siielezi, siiombei radhi, naweka Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

Barua niliyoituma siku hiyo ilikuwa hii:

```
Objet : Échantillon de poivre noir – proposition de créneaux

Madame,

Je vous propose de faire le point sur l'échantillon
en visioconférence (45 minutes environ).
L'un des créneaux suivants vous conviendrait-il ?

- mardi 24 mars à 10 h, heure de Paris
  (12 h à Dar es Salaam)
- mercredi 25 mars à 9 h 30, heure de Paris
  (11 h 30 à Dar es Salaam)
- jeudi 26 mars à 14 h, heure de Paris
  (16 h à Dar es Salaam)

À défaut, je m'adapterai volontiers à vos disponibilités.

Bien cordialement,
```

Nieleze kwa nini iko hivyo. Saa ya msomaji inatangulia, ya kwangu inafuata kwenye mabano, kwa sababu yeye ndiye atakayefungua kalenda yake na kutafuta 10 h. Nikianza na 12 h atasoma namba ya kwanza tu akiwa na haraka, ataandika 12 h. Siku ya wiki na tarehe zinakaa pamoja kila mara: mardi 24 mars. Nikikosea tarehe, jina la siku litanisuta, naye ataniuliza kabla hatujapotezana. Siandiki 24/3 wala mardi prochain. Hiyo ya mwisho hata Wafaransa wenyewe huwa wanaulizana ni Jumanne ipi.

Neno créneau lenyewe nalipenda. Asili yake ni lile pengo lililoachwa juu ya ukuta wa ngome, baina ya jiwe na jiwe. Siku ya mtu wa ofisini imejaa kama ukuta, nawe unamwomba pengo moja. Na conviendrait-il iko katika hali ya masharti, sawa na sisi tunavyosema "kama itakuwa vyema kwako". Ukiandika je veux une réunion mardi utakuwa umeeleweka, lakini utakuwa umeingia ndani bila hodi.

Jibu lilikuja Alhamisi, tarehe 19. Mistari miwili tu:

```
Merci pour ces propositions. La semaine prochaine est
compliquée : mardi en huit, même heure, vous irait-il ?
```

Hapa kuna mitego miwili, na yote imekaa ndani ya maneno matano. Wa kwanza ni mardi en huit. Aliyejifunza Kifaransa kitabuni ataona mardi, ataona huit, atadhani ni Jumanne saa mbili asubuhi. Huit hapo ni siku, siyo saa. Mfaransa huhesabu wiki kwa kuanza na siku aliyopo, ndiyo maana wiki moja huita huit jours, siku nane, na wiki mbili huita quinze jours, siku kumi na tano. Mardi en huit ni Jumanne ijayo ukiongeza wiki moja. Kwa aliyeandika tarehe 19 Machi, Jumanne ijayo ilikuwa tarehe 24, kwa hiyo alikuwa anaongelea tarehe 31.

Mtego wa pili ni même heure, saa ileile. Saa ileile ya nani? Kati ya tarehe 24 na tarehe 31 kulikuwa na Jumapili ya tarehe 29. Ikibaki 10 h ya Paris, kwetu haiwi tena saa sita, inakuwa saa tano asubuhi. Ikibaki saa sita yetu, kwake inakuwa 11 h. Neno moja, nyakati mbili, na kila mmoja angekuwa na haki kwa upande wake. Ni kosa lilelile la mwaka 2025, ila safari hii lilikuwa limevaa nguo za adabu.

Kabla ya kujibu nilihakikisha kwa kompyuta, kwa sababu kichwa changu nishakifahamu. Anayetumia Linux anaweza kuandika hivi, na kompyuta itahesabu kwa tarehe ya mkutano badala ya tarehe ya leo:

```
TZ="Africa/Dar_es_Salaam" date -d 'TZ="Europe/Paris" 2026-03-31 10:00'
```

Ikanijibu saa 11:00. Saa tano asubuhi. Asiye na hiyo anaweza kufungua kalenda ya simu, kuweka tukio siku hiyohiyo ya mbele, kuchagua kanda ya Paris, na kusoma linaangukia wapi kwake. Ile saa ya dunia iliyo kwenye simu haifai kwa kazi hii, maana inakuonyesha sasa hivi tu. Ndiyo niliyoitegemea mara ya kwanza.

Nikamjibu:

```
Madame,

C'est noté : mardi 31 mars à 10 h, heure de Paris,
soit 11 h à Dar es Salaam, la France passant à l'heure
d'été le 29. Vous recevrez une invitation aujourd'hui.

Bien cordialement,
```

Sikumwambia kwamba mardi en huit ilinisumbua. Nilirudisha tarehe kamili, akiwa na lake atasahihisha. Soit hapo ni "yaani", "ambayo ni sawa na". Na kile kipande cha mwisho, la France passant à l'heure d'été, ndicho ninachokithamini kuliko vyote katika barua nzima. Aliyeona 12 h kwenye barua ya kwanza na 11 h kwenye ya pili angeweza kudhani nimekosea moja wapo. Sababu ikiandikwa, hana haja ya kuuliza. Kifupisho kama CET au GMT+1 sikiweki. Watu wengi huandika GMT+1 mwaka mzima kwa mazoea, hata majira ya joto ambapo Paris iko GMT+2, na hapo msomaji makini anayehesabu ndiye anayepotea.

Kisha nikampigia Mzee na kumpa saa kwa lugha yake. "Jumanne ya tarehe thelathini na moja, saa tano asubuhi, siyo saa sita tena." Akarudia mara mbili, nikamtumia na ujumbe mfupi ulioandikwa "saa 5 asubuhi". Sikumwandikia 11:00. Saa ya simu yake anaiona, lakini kichwani anasoma tano, na akiona kumi na moja ataweza kudhani ni ya jioni.

Mkutano ulikwenda vizuri. Wote waliingia kabla ya dakika tano kupita, Mzee akiwa Muheza kwenye ofisi ya ushirika safari hii, hakupanda basi. Walikubaliana kuhusu unyevu wa pilipili na namna ya kufunga magunia, na mwishoni yule mama akapendekeza tuwe tunaongea kila Jumanne ya mwisho ya mwezi. Tout le monde à la même heure, alisema, wote kwa saa ileile. Nikaomba dakika moja.

Mkutano unaojirudia unatakiwa ufungwe kwenye mji mmoja. Kalenda inapotuma mwaliko, ndani yake kuna mstari unaotaja kanda ya saa, na kanda hiyo ndiyo inayoamua ni nani atakayesogea Oktoba:

```
DTSTART;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20260428T110000
```

Mwaliko ukitoka Lyon utafungwa Europe/Paris, saa nne ya kwao itabaki pale, na kuanzia tarehe 25 Oktoba Mzee atatakiwa kuingia saa sita mchana, akatize na Adhuhuri. Ukitoka kwetu utabaki saa tano yetu mwaka mzima, nao watahama kutoka 10 h kwenda 9 h. Niliwauliza kama 9 h inawezekana kwao wakati wa baridi. Inawezekana, ofisi inakuwa imefunguliwa. Kwa hiyo nikauandaa mimi. Sidhani kwamba lazima iwe hivyo kwa kila mtu. Ofisi ambayo ina mikutano kumi ya Ulaya kwa wiki ni afadhali ifuate Paris, maana ikiifunga Dar es Salaam itagongana na mingine yote. Sisi tulikuwa na mmoja tu, na mtu mmoja mwenye swala, shamba na ng'ombe wa kukamua.

Kwenye barua iliyoambatana na mwaliko niliandika sentensi moja kuhusu saa:

```
Nos réunions auront lieu le dernier mardi du mois à 11 h,
heure de Dar es Salaam, soit 10 h à Paris jusqu'au
29 septembre, puis 9 h à partir du 27 octobre.
```

Akajibu kwamba amepokea, akaomba tuuache ule wa Agosti kwa sababu ofisi yao hufungwa. Kwenye kalenda ya ukutani ya ofisi ya ushirika, Mzee amezungushia kila Jumanne ya mwisho kwa kalamu nyekundu na pembeni ameandika namba moja tu, 5, miezi yote isipokuwa Agosti.